Barua ya shukrani baada ya wikiendi ya mvua

*Mratibu wa mashindano ya soka ya vijana wa chini ya miaka 15 jijini Dar es Salaam anawaandikia waamuzi, wafadhili na watu waliojitolea. Anaeleza nani alifanya nini hadi mechi 23 zikachezwa kwa usalama kwenye kiwanja kimoja, wakati ratiba ilihitaji viwili.*

Kwa waamuzi, wafadhili na ninyi nyote mliojitolea,

Kombe limeshakabidhiwa, watoto wamerudi shuleni na waamuzi wamelipwa. Kilichobaki ni shukrani, na nimeona niiandike kwa kirefu hapa gazetini kwa sababu wengi wenu mliondoka Jumapili jioni bila kujua mwenzenu alifanya nini. Aliyekuwa akichota maji golini hakusikia maneno ambayo mwamuzi aliambiwa na makocha. Mfadhili aliyepigiwa simu alfajiri hakuona mchanga wake ulikwenda wapi. Na wazazi wengi wanajua tu kwamba ratiba ilibadilika, hawajui kwa nini ilibadilika namna ile.

Nitawashukuru kwa kufuata saa zilivyokwenda, kwa sababu kila mmoja wenu aliingia kwa wakati wake, na aliyefuata alitegemea kazi ya aliyemtangulia.

Saa 12 asubuhi: waamuzi waliokataa

Ratiba tuliyoichapisha ilikuwa na timu 16 katika makundi manne. Kila timu ilikuwa icheze mechi tatu za makundi, jumla mechi 24, Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Kila mechi ilipewa dakika 45, yaani vipindi viwili vya dakika 15, mapumziko ya dakika tano, na dakika kumi za timu kutoka na nyingine kuingia. Hesabu hiyo ilikubali kwa sharti moja tu, kwamba viwanja vyote viwili vya shule, cha juu na cha chini, vichezeke tangu asubuhi.

Mvua ilianza Ijumaa usiku na haikupumzika hadi alfajiri. Anayeijua masika ya Dar es Salaam anajua usiku mmoja wa namna hiyo hufanya nini mabondeni. Bonde la Msimbazi lilijaa, Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, na timu zilizokuwa zinatoka Kariakoo na Ilala kuja upande wetu zikalazimika kuzunguka kupitia Salenda.

Waamuzi, ninyi mlifika kabla ya timu yoyote. Mwamuzi mkuu wa siku hiyo aliomba mpira mmoja na mtu wa kutembea naye, akaanza na kiwanja cha chini. Niliandamana naye, na wazazi wengi wangefaidika kujua ukaguzi ule ulivyofanywa.

Alianza kwa kutembea kiwanja kizima, kona hadi kona, kisha akarudi kwenye maeneo mawili ya penalti, kwa kuwa ndiko wachezaji wanakosongamana, wanakoruka na kuanguka. Kila baada ya hatua kadhaa alikandamiza kisigino ardhini na kutazama. Maji yakipanda kuzunguka kiatu na kubaki pale, udongo umeshashiba na hauwezi kunywa zaidi. Halafu aliuinua mpira hadi usawa wa bega na kuuachia. Kwenye kiwanja kinachochezeka mpira hudunda. Pale ulitua kwa kishindo cha tope na kubaki ulipoangukia. Mwisho aliuviringisha kutoka alama ya penalti kuelekea golini, nao ukasimama kwenye dimbwi kabla haujafika eneo dogo la kipa.

Hayo matatu yangetosha, lakini kulikuwa na jambo la nne, nalo ndilo lililofunga mjadala. Kiwanja cha chini kinapakana na mfereji wa mtaa. Maji yaliyokuwa pale hayakuwa ya mvua peke yake, mfereji ulikuwa umefurika na kumwaga uchafu wake kwenye nyasi. Maji ya aina hiyo huficha vipande vya chupa na mashimo, na hubeba vimelea vya kuhara na vya homa inayoenezwa na mkojo wa panya, ambavyo huingia mwilini kupitia mchubuko mdogo tu. Mtoto wa miaka 14 anayeteleza kuokoa mpira huchubuka karibu kila mechi. Hata tungeyaondoa maji yote ifikapo saa sita, uchafu ungebaki kwenye udongo.

Mwamuzi akasema kiwanja cha chini hakitachezewa wikiendi nzima. Ilikuwa saa 12 na nusu, na mabasi mawili yalikuwa yameshafika.

Makocha watatu walimfuata pamoja. Walisema wamelipa nauli, watoto wameamka usiku, na kwamba wao wenyewe walikua wakicheza kwenye matope wala hakuna aliyekufa. Nawaelewa, na nawashukuru kwa kuwa baadaye walishika mabeleshi. Lakini shukrani kubwa ya saa ile ni ya mwamuzi, kwa kuwa alisikiliza hadi mwisho, akaeleza alichokiona, na hakuubadilisha uamuzi. Sheria ya 5 ya soka inamweka mwamuzi kuwa mwenye kauli ya mwisho kuhusu hali ya uwanja na hewa, iruhusu mchezo au isiruhusu, na inamkinga asiwajibishwe kwa uamuzi huo. Karatasini ni rahisi kuisoma. Kuisimamia mbele ya watu waliolipa nauli, wakati mratibu pembeni anahesabu hasara, kunahitaji mtu anayemtazama mtoto kwanza.

Saa 12 na nusu hadi saa 4: waliojitolea

Kiwanja cha juu kilikuwa na nafuu. Kina mteremko mdogo kuelekea barabarani, na maji yake yalikuwa ya mvua tupu. Shida ilikuwa sehemu tatu, yaani goli la kusini, mduara wa katikati, na ukanda mmoja kando ya mstari upande wa madarasa. Mwamuzi alitupa hadi saa 4. Mkivifanya vipande hivi vitatu vipite jaribio la mpira, alisema, mtacheza.

Vijana wa bodaboda wa kituo cha jirani, ninyi ndio mlioanza, na mlianza kwa kuchukua mafagio makubwa. Nataka kumshukuru mzee wetu anayetunza bustani ya shule, ambaye alipaza sauti muache. Aliwaonyesha kwamba fagio huyasukuma maji kutoka kwenye dimbwi na kuyapeleka kwenye nyasi zilizokuwa bado nzima, halafu udongo wa juu hukorogeka ukawa uji. Alitaka maji yaondoke kwa kunyonywa na kwa kupewa njia. Basi mkaleta sifongo, magodoro ya zamani yaliyokatwakatwa, ndoo na madumu. Mlikandamiza, mkakamua, mkabeba hadi nje ya uwanja. Wengine walichimba mfereji mwembamba nje ya mstari, kufuata mteremko, ili maji ya ule ukanda yajitoe yenyewe.

Maji ya juu yalipokwisha, mzee alipita na uma wa bustani akitoboa ardhi kwa kina cha kiganja, tundu baada ya tundu, bila kuigeuza. Udongo wetu ukikanyagwa miaka na miaka hushikana juu kama kigae, na mvua hukaa juu yake hata kama chini ni pakavu. Matundu yale yaliyapa maji yaliyobaki pa kushukia. Ndipo mchanga ukaletwa, na hapo tena alikataa aina moja na kukubali nyingine. Mchanga laini uliochanganyika na udongo hugeuka tope la pili. Alitaka mchanga wa chenga, mkavu, utandazwe kwa wembamba, uachwe unywe, kisha uongezwe. Golini kusini mliurudia mara kadhaa hadi mpira ukadunda.

Mama lishe wa getini, uji mlioupika saa moja asubuhi kwa ajili ya wale wachota maji hamkulipwa na mtu. Mlisema ni wa kazi. Kwenye daftari la mashindano umeandikwa kama mchango wenu, pamoja na unga na sukari mlizotumia, kwa sababu siku tukifanya bajeti nyingine ni lazima tujue kazi ile ilisimama juu ya nini.

Kisha ikaja mistari. Mvua ilikuwa imeifuta yote, na kijana mmoja alikuwa ameshafungua mfuko wa chokaa, kama tunavyofanya siku zote viwanjani. Dada muuguzi aliyejitolea kusimamia meza ya huduma ya kwanza alimzuia. Chokaa ikilowa huunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kuliharibu kabisa. Siku ya jua watu wengi hawaoni madhara yake kwa sababu hubaki kavu chini. Siku ya matope kipa anajirusha juu ya mstari, tope lenye chokaa linamganda usoni, naye anajifuta kwa glovu iliyojaa chokaa hiyohiyo. Dada, ulisema maneno machache sana, na huenda uliokoa macho ya mtu. Mistari ikachorwa kwa rangi ya maji, ile ya kupaka ukuta. Ilipofutika tena mchana, mliweka koni fupi nje kidogo ya mstari na waamuzi wakazitumia.

Saa 4 kasoro dakika kumi mwamuzi alirudi na mpira wake. Akauachia golini kusini, ukadunda. Akauviringisha, ukafika. Akatazama saa, akaita timu mbili za kwanza.

Ratiba mpya, na walioikubali

Wakati ninyi mkikamua maji, kwenye darasa la kwanza kulikuwa na kazi nyingine. Tulikuwa na kiwanja kimoja, na kutoka saa 4 hadi saa 12 jioni tulikuwa na saa nane. Kwa dakika 45 kila mechi, saa nane huchukua mechi kumi na ushei. Tulihitaji 24. Hata tungefupisha kila mechi hadi nusu saa, zingeingia 16 tu.

Njia rahisi ilikuwa mtoano wa moja kwa moja, anayefungwa anakwenda nyumbani. Wengi wangeikubali kwa uchovu. Aliyeikataa ni mwalimu wa michezo aliyejitolea kukaa na ratiba. Alisema kuna watoto waliozunguka nusu ya jiji asubuhi ile, na hawezi kuwaambia wamemaliza baada ya dakika 20. Akachora pendekezo ubaoni. Katika kila kundi zichezwe mechi mbili za kwanza. Walioshinda wakutane, na walioshindwa wakutane. Kila kundi linakuwa na mechi nne, makundi manne yanakuwa na mechi 16, na kila timu ina hakika ya kucheza mara mbili. Anayeshinda mechi ya washindi anaingia nusu fainali ya kombe kuu. Anayeshinda ile ya walioshindwa anaingia nusu fainali ya kombe la pili, ili mechi ile nayo iwe na maana. Jumapili zinabaki nusu fainali nne, fainali ya kombe la pili, mechi ya mshindi wa tatu na fainali. Jumla mechi 23.

Kila mechi ya Jumamosi ilipewa nusu saa, yaani vipindi vya dakika kumi, mapumziko ya dakika mbili, na dakika nane kwa ajili ya penalti zikihitajika na kupishana kwa timu. Mara 16, saa nane kamili.

Makocha wote 16, nawashukuru kwa sahihi zenu. Sheria ya 7 inaruhusu muda wa mchezo kupunguzwa ikiwa tu mwamuzi na timu zote mbili wamekubaliana kabla mechi haijaanza, na kanuni za mashindano zinaruhusu. Kanuni zetu zinaruhusu, lakini bila makubaliano yenu kabla ya kipyenga cha kwanza, timu yoyote iliyofungwa dakika ya 18 ingekuwa na haki ya kuuliza dakika zake nyingine ziko wapi. Mliitwa darasani kwa makundi, mkasomewa, mkauliza, mkasaini. Malalamiko ya muda hayakuwapo hata moja hadi mwisho.

Saa 9 alasiri: radi

Mechi kumi zilikwenda kwa saa iliyopangwa. Ya kumi na moja ilianza saa 9 kamili, na dakika ya nane mwamuzi alipuliza kipyenga wakati mpira uko katikati ya uwanja, hakuna rafu, hakuna aliyeumia. Watazamaji walizomea. Mvua ilikuwa haijaanza hata kunyesha.

Mwamuzi msaidizi wa upande wa barabara alikuwa ameona mmweko upande wa magharibi na kuanza kuhesabu. Ngurumo ilifika kabla hajafikisha 30. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, kwa hiyo sekunde 30 ni kama kilomita kumi, na radi inaweza kupiga umbali huo kutoka kwenye wingu lake, mahali ambapo jua bado linawaka. Utaratibu tuliokubaliana na waamuzi ulikuwa mfupi. Ukihesabu chini ya 30, simamisha. Usirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho, na ngurumo mpya ikisikika, saa inaanza upya.

Ninyi mliokuwa na vizibao vya njano, dakika zilizofuata zilikuwa zenu. Watoto walianza kukimbilia mahali ambapo mtoto yeyote hukimbilia, chini ya mwembe na chini ya maturubai yenye nguzo za chuma. Mwembe ndio mrefu kuliko vyote pale uwanjani, na mtu aliyesimama chini ya mti uliopigwa radi anaweza kupigwa pamoja nao. Turubai halizuii radi hata kidogo. Mliwageuza wote, mkawaingiza madarasani na kwenye mabasi yenye mwili wa chuma, milango ikafungwa. Mliwahesabu kwa timu, kocha mmoja mmoja akathibitisha. Mlirudi pia kumchukua mzee mmoja aliyekuwa ameng'ang'ania kiti chake pembeni ya goli.

Saa 9 na dakika 28 ilinguruma tena, na saa ikaanza upya. Kulikuwa na minong'ono, kwa kuwa wengi walitegemea kurudi baada ya dakika kumi nyingine. Waamuzi hawakupunguza hata dakika moja. Mchezo ulirudi saa 9 na dakika 58, kwa mpira wa kudondoshwa pale uliposimama, dakika ya nane, matokeo yakiwa yaleyale.

Dakika hizo 50 zilikula mechi mbili. Tulicheza tatu nyingine, ya mwisho ikaisha saa 12 kasoro robo. Tungeweza kuanza moja zaidi. Mwamuzi akasema wingu limeshusha giza mapema, na sare ingetupeleka kwenye penalti zinazopigwa gizani. Mechi mbili za kundi la mwisho zikahamishiwa Jumapili saa 2 asubuhi. Mwalimu wetu wa ratiba alizipanga timu za kundi hilo katika nusu fainali za mwisho mwisho, kila moja ikapata zaidi ya saa mbili za kupumzika.

Kwa dada muuguzi na wenzake wawili nina neno jingine la jioni ile. Mliwazuia watoto wasipande mabasi wakiwa na jezi mbichi. Mliosha kila mchubuko kwa maji safi na sabuni, mkawaandikia wazazi karatasi ndogo kueleza lini waende hospitali, yaani kidonda kikivimba, homa ikipanda, au kama mtoto hajakamilisha chanjo ya pepopunda. Hakuna anayeitazama kazi hiyo wakati watu wanashangilia, lakini ndiyo iliyofuatana na watoto hadi nyumbani.

Kwa wafadhili: hesabu na deni

Wafadhili, kwenu shukrani bila hesabu ingekuwa pungufu, kwa hiyo nawaambia mlichokipata na ambacho hamkukipata.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tuliyekubaliana naye bango tu, alipigiwa simu saa 12 na dakika 40 asubuhi. Hakuuliza bei ya mchanga wala nani atalipa. Aliuliza gari lipitie geti lipi. Mchanga wa chenga, rangi ya maji na mabeleshi vilikuwa uwanjani kabla ya saa mbili. Bila gari lile, goli la kusini lisingepita ukaguzi, na bila goli la kusini tusingekuwa na kiwanja chochote.

Waliofadhili muziki na sherehe ya ufunguzi, sherehe haikufanyika. Tuliwauliza asubuhi ileile kama fedha iende kwenye mahitaji mapya, na mkakubali kwa maandishi kwenye simu. Imelipa mafuta ya mabasi yaliyozunguka Salenda, chakula cha Jumapili kwa timu zilizorudi kwa ajili ya mechi mbili zilizobaki, na posho za waamuzi. Risiti zote ziko kwenye faili, na nakala zimetumwa kwa kila mmoja wenu.

Nizungumzie posho hizo, kwa sababu ndizo zilizozua swali. Waamuzi walikubaliana nasi kulipwa kwa mechi, na mechi zilipungua kutoka 32 hadi 23. Tumewalipa kana kwamba zilikuwa 32. Walifika kabla ya muda, walikaa hadi giza, na mechi zilizopotea zilipotea kwa uamuzi wao sahihi. Tukimkata mwamuzi fedha kwa sababu amefunga kiwanja kibovu, mwakani tutakuwa tumempa sababu ya kukifungua. Wafadhili waliotoa fedha hiyo waliuelewa ukweli huu haraka kuliko nilivyotarajia, na nawashukuru kwa hilo kuliko kwa kiasi chenyewe.

Wapo wafadhili wawili ambao mabango yao yalikuwa kiwanja cha chini. Hayakuonwa na mtu. Mlilipia kitu ambacho hatukuwapa, na mvua haifuti deni hilo. Mnaweza kuchagua kurudishiwa fedha zenu au mabango yenu yawekwe mwakani nyuma ya magoli ya kiwanja cha juu bila malipo mapya. Barua zenye machaguo hayo zimewafikia, na uamuzi wowote mtakaoutoa tutaupokea kwa heshima ileile.

Fainali

Jumapili mchana jua lilitoka, kisha fainali ikapata manyunyu ya kipindi cha pili. Dakika zikaisha sare. Sarafu ikarushwa kuchagua goli la kupigia penalti, na ikaangukia la kusini, lile tulilolihangaikia Jumamosi nzima. Mwamuzi aliposimama kwenye alama ya penalti, mguu wake wa kushoto ulizama. Alijaribu tena pembeni kidogo, ukazama vilevile. Sheria ya 10 inasema goli likishachaguliwa lisibadilishwe, isipokuwa kwa sababu ya usalama au ikiwa goli au sehemu ya kuchezea haitumiki tena. Aliwaita manahodha wote wawili wakanyage wenyewe. Wakakanyaga, wakatazamana, wakatikisa vichwa. Penalti zikahamishiwa kaskazini kabla ya mkwaju wa kwanza.

Nimesimulia hili kwa sababu hakuna shabiki wa upande wowote aliyepiga kelele. Mashabiki walikuwa wameshaona kwa siku mbili kwamba mwamuzi hasemi neno bila kukagua kwanza, na kwamba akikagua huwaonyesha wengine alichokiona.

Mlichotuachia

Kamati imekutana, na kazi yenu imeingia kwenye kanuni za mashindano yajayo. Kifungu cha kwanza kinasema ukaguzi wa kiwanja utafanywa saa mbili kabla ya mechi ya kwanza, na uamuzi wa mwamuzi hautajadiliwa na kocha, mfadhili wala mratibu. Cha pili kinaweka hesabu ya sekunde 30 na subira ya dakika 30 kwa radi, pamoja na orodha ya madarasa na mabasi ambayo kila timu itakimbilia. Cha tatu kinataka ratiba ya dharura ya mechi 23 isainiwe na makocha siku ya droo, wiki moja kabla, ili mvua isitukute tukichora ubaoni. Cha nne kinapiga marufuku chokaa kwenye mistari ya mechi za watoto, kwenye mvua au kwenye jua. Cha tano kinasema mwamuzi atalipwa kwa ratiba iliyotangazwa, hata kama mechi zitapungua kwa sababu ya hali ya hewa.

Kila kifungu kati ya hivyo kilianza na mmoja wenu aliyefanya jambo sahihi kabla hakijaandikwa popote. Hesabu kamili ya fedha itasomwa mbele ya wazazi na wafadhili kwenye darasa lilelile tulilopangia ratiba, na kila aliyejitolea amealikwa kuja kuisikia na kuuliza. Mzee wa bustani ameomba uma mbili mpya na sifongo kubwa kumi ziwekwe stoo kabla ya vuli. Zimeshanunuliwa, na ufunguo wa stoo anao yeye.



Mratibu wa mashindano